Umevunjika mguu ukipeleka oda: nani atalipa?

Ukijiunga na kampuni ya kubeba abiria au kupeleka oda kwa programu ya simu, kabla hujapewa kazi ya kwanza unatakiwa uguse kitufe cha kukubali masharti. Wengi wanakigusa wakiwa wamekaa juu ya pikipiki, na mimi sijakutana na aliyeyasoma yote. Humo ndani mara nyingi huwa na sentensi inayosema wewe si mwajiriwa, ni mwanakandarasi huru, au kwa lugha tamu zaidi, "mshirika". Kazi ikiwa inakwenda vizuri, sentensi hiyo haimsumbui mtu. Siku ya ajali ndiyo utasomewa.

Tuchukue mfano wa kijana wa Maweni, hapa Malindi, anayepeleka chakula. Saa nne usiku ana pitsa mbili za mteja wa upande wa Casuarina. Anakata kona, mchanga umetapakaa juu ya lami, pikipiki inateleza na mguu unavunjika. Hakugongwa na mtu. Daktari anamwambia apumzike miezi mitatu. Tuseme alikuwa akipata shilingi 24,000 kwa mwezi.

Akihesabiwa kuwa mwajiriwa, analindwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la WIBA. Mwajiri atagharamia matibabu yanayostahili. Kwa muda ambao hawezi kufanya kazi ataendelea kupata malipo sawa na mapato yake, kwa hivyo miezi mitatu ni shilingi 72,000. Mguu ukipona vibaya na daktari akakadiria kwamba amepata ulemavu wa kudumu wa asilimia 10, hesabu inapigwa juu ya mapato ya miezi 96. Asilimia 10 ya miezi 96 kwa shilingi 24,000 ni shilingi 230,400. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba hahitaji kuthibitisha kwamba bosi alikosea. Inatosha kwamba aliumia kazini, akifanya kazi ya kazini.

Akihesabiwa kuwa mwanakandarasi huru, yote hayo hayapo. Angegongwa na gari, angeweza kumdai mwenye gari na bima yake. Lakini mchanga haushitakiwi. Na bima ya thadi pati ya pikipiki yake inawalipa wale atakaowagonga yeye. Mwenyewe aliyeshika usukani haimhusu. Kampuni nyingine huwakatia waendeshaji wao bima ndogo ya ajali. Ni jambo zuri, lakini malipo yake huwa na kikomo kilichoandikwa na kampuni yenyewe, na kikomo hicho usikitarajie kifike pale inapofika WIBA.

Kwa hivyo kijana akipiga simu na kujibiwa, "Pole sana ndugu yangu, lakini wewe si mwajiriwa wetu," je, mambo yameishia hapo? La. Jina lililoandikwa kwenye mkataba si neno la mwisho. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huangalia jinsi kazi inavyofanyika kweli. Nani anapanga bei? Nani anatoa adhabu? Kazi hiyo ni kiungo cha biashara ya kampuni au ni msaada wa kando? Pikipiki na mafuta ni vya nani, na hasara ikitokea inamwangukia nani? Je, lazima kazi uifanye wewe mwenyewe?

Kesi inayotajwa sana ni ya madereva wa Uber nchini Uingereza, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya huko Februari 2021. Majaji walitazama mambo ya kila siku: nauli inapangwa na kampuni, masharti yanaandikwa na kampuni, dereva anayekataa safari mara nyingi anatolewa hewani kwa muda, alama za abiria zikishuka anaweza kuondolewa kabisa, na kampuni inahakikisha dereva na abiria hawajuani kiasi cha kupanga safari zao wenyewe. Wakasema huyo si mfanyabiashara anayejitegemea. Nawaonya vijana wasiibebe hukumu hiyo kama ngao, maana haizifungi mahakama za Kenya. Tena Uingereza wana daraja la katikati, baina ya mwajiriwa na anayejiajiri, na madereva wa Uber waliwekwa hapo. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 haina daraja hilo. Huku ama umo, ama uko nje.

Karibu miaka mitatu baadaye, Novemba 2023, mahakama ileile ya Uingereza ilikataa kwamba waendeshaji wa Deliveroo, kampuni ya kupeleka chakula, wana uhusiano wa ajira na kampuni hiyo, tofauti kubwa ikiwa kwamba wao waliruhusiwa kumtuma mtu mwingine afanye kazi badala yao. Hapa ndipo ninapotaka watu wa bodaboda wanisikilize, kwa sababu kuazimana akaunti ni kawaida mjini. Leo umechoka, mdogo wako anachukua simu na pikipiki anamalizia zamu. Kampuni ikikataza jambo hilo na kufungia akaunti za wanaolifanya, katazo hilo linakusaidia wewe: linaonyesha inakutaka wewe binafsi, kama mwajiri anavyomtaka mwajiriwa. Lakini ukiwa na mazoea ya kuazima, wakili wa upande wa pili atayauliza, na dai lako litalegea. Hali kadhalika ukiwa na programu tatu kwenye simu moja, ukizima na kuwasha utakavyo bila kuulizwa. Kusema kweli, mtu wa namna hiyo huenda ni mwanakandarasi huru hasa, na wapo wanaopenda iwe hivyo. Basi aweke pembeni pesa za bima yake mwenyewe.

Kijana wetu wa Maweni hayuko hivyo. Pikipiki ni ya tajiri mwenye pikipiki kadhaa, ambaye amezisajili kwenye programu. Anaingia saa tano asubuhi na kutoka saa nne usiku, siku sita kwa wiki, na fulana yenye nembo. Akichelewa anakatwa. Hampelekei tajiri hesabu ya kila siku, bali tajiri ndiye anayemlipa kila mwisho wa wiki. Dai la kijana huyu ni zito, ingawa hana karatasi hata moja. Tena Sheria ya Ajira inasema mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba wa maandishi mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye.

Hata hivyo ushahidi lazima uwepo, na kwa kazi hizi ushahidi unakaa ndani ya simu. Akaunti ikifungwa, historia ya oda, makato na maonyo vinaweza kukupotea siku hiyohiyo. Piga picha za skrini mapema, uzitume kwa mtu unayemwamini. Hifadhi jumbe za M-Pesa za malipo na sauti za kundi la WhatsApp ambamo mnapangiwa zamu. Ukiwa umeshafungiwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuiomba kampuni taarifa zako inazozishikilia. Iombe kwa maandishi.

Ajali yenyewe iripoti mara moja, kwa ujumbe ulioandikwa. Ukimaliza miezi 12 bila kumwarifu mwajiri, haki ya mafao inakufa. Naye akishaarifiwa ana siku saba za kumripotia Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa fomu ya DOSH/WIBA 1, ambayo ina sehemu ya kujazwa na daktari. Ujumbe huo mtumie tajiri mwenye pikipiki na kampuni yenye programu, wote wawili, kwa sababu kila mmoja atasema mwajiri ni yule mwenzake.