Mlio wa simu unatoka, kikohozi ndo shughuli

Nimeletewa tena faili la sauti nilisafishe, lenye ujumbe ambao nimeshausoma mpaka nimechoka. Dada mmoja kamrekodi babu yake anasimulia historia ya ukoo, kazi nzuri sana kwa kweli, halafu kaniandikia hivi: "Kaka nitolee tu hicho kikohozi, ni kimoja na hata sekunde hakifiki. Ile simu iliyolia katikati iache, najua imelia muda mrefu haiwezi kutoka." Kila mtu anaamini hivo, kwamba kelele fupi ni rahisi na kelele ndefu ni ngumu, na bei anataka nipange kwa urefu wa kelele. Ni kinyume kabisa! Urefu hauna maana yoyote hapa, kinachonisumbua mimi ni kelele imekaa wapi kwenye frikwensi na imemlalia nani.

Fungua hilo faili kwenye spektrogramu uone mwenyewe. Muda unaenda kulia, frikwensi zinapanda juu, na panapong'aa ndo pana nguvu. Sauti ya yule mzee ni mistari ya kulala iliyopangana, inapanda na kushuka kidogo anavyoongea, ina nafasi ya kama 120 Hz kati ya mmoja na mwingine. Kwenye s na sh ile mistari inapotea linabaki wingu huko juu. Sasa angalia simu. Ni mlio wa zamani ule wa pii pii, mistari mitatu iliyonyooka kabisa, wa chini uko kwenye 1,050 Hz, wa pili 2,100, wa tatu 3,150, kila pii inaanza na kukatika pale pale. Imelia sekunde kumi lakini kwenye picha imekula nafasi nyembamba mno, na sehemu kubwa ya mlio umepita katikati ya mistari ya mzee bila kumgusa. Kikohozi kinasimama wima, kuanzia chini kabisa mpaka kupita 10,000 Hz, na kila alichosema mzee wakati huo kipo chini yake.

Simu nitaipitia haraka kwa sababu haina ubishi. Weka Window size kwenye 4096. Rekodi ikiwa ya 48000 Hz hilo dirisha linachukua kama milisekunde 85 za sauti kwa mara moja na linasoma frikwensi kwa hatua za kama 12 Hz, kwahiyo mistari inakuwa myembamba unajua kabisa ukate wapi. Chagua mstari mmoja kwa upana wa Hz 50 hivi, kuanzia pii inapoanza mpaka mwangwi wake unapoisha, shusha, nenda mstari wa pili. Kwenye programu ya RX natumia Attenuate ya Spectral Repair. Kwenye Audacity ambayo ni ya bure washa Spectral Selection kisha tumia Spectral edit parametric EQ, ina sehemu ya kuweka desibeli za kushusha, mimi naipenda kuliko Spectral Delete inayofuta kila kitu.

Pa kuangalia ni pale mstari wa simu unapokutana na wa mzee. Harmoniki yake ya tisa, yaani mstari wake wa tisa kutoka chini, iko 1,080 Hz, sauti ikishuka kidogo tu inafika 1,035, maana yake imevuka mlio wa simu njiani. Hapo usikate kwa kunyoosha, ruka hicho kipande au shusha kidogo tu, kwa sababu kwenye makutano sauti yake yenyewe inaufunika mlio na sikio halitausikia. Ukikata utasikia neno limekuwa na tundu, kama mtu anaongea ndani ya bomba. Na nisieleweke vibaya, simu yenye wimbo wa Bongo Fleva sio hii, ule ni muziki wenye mwimbaji ndani yake na mistari yake inacheza kama ya mzee, na simu inayotetema juu ya meza inagongesha meza nzima. Hizo ni kazi nyingine. Mimi naongelea pii pii.

Sasa kikohozi. Rudisha dirisha liwe 512, maana kwenye 4096 kikohozi kinatandazwa pembeni unaona kinaanza kabla hakijaanza. Kwenye 512 unasoma muda kwa milisekunde 11 hivi na unaona vizuri sehemu zake. Kwanza ule mlipuko, mkali, wima kabisa. Halafu upepo wenye makelele. Halafu mara nyingi, sio kila mara, mwishoni kamba za sauti za mkohoaji zinapiga na inatokea mistari ya kulala inayofanana na maongezi kabisa. Hii ya mwisho ndo inawapoteza wengi, wanadhani ni sauti ya mzee wanaiacha, matokeo yake kikohozi kimefutwa kichwa lakini ule mguno wake upo. Jinsi ya kujua ni nafasi kati ya mistari. Mzee ana 120 Hz, aliyekohoa ni mjukuu kijana na mguno wake una mistari iliyoachana zaidi ya hapo.

Baada ya mguno kuna mkia. Hapa niruhusuni niseme kwa kirefu kwa sababu ndo panaponikera kila nikiletewa faili ambalo mtu kashajaribu mwenyewe. Wanafuta kile kinachong'aa tu. Sebule ya kuta za saruji na vigae chini haimezi sauti, kikohozi kinagonga kuta kinarudi kwa karibu nusu sekunde zaidi, na huo mwangwi kwenye picha ni rangi hafifu sana au hauonekani kabisa. Mtu anaona nyeusi anasema pasafi! Nyeusi haimaanishi hakuna kitu, inamaanisha kiko chini ya kiwango ulichoruhusu picha ionyeshe. Ongeza Range mpaka uone sakafu ya kelele za chumba, mkia utatokea hapo hapo. Huo mkia ukibaki bila mwili wake msikilizaji anasikia kitu kimepumua chumbani na hajui ni nini, na mimi naona hiyo ni mbaya kuliko kikohozi chenyewe, kikohozi angalau mtu anakielewa anaendelea na habari. Kwahiyo uchaguzi wako usiwe boksi la pembe nne. Juu unakwisha mapema, chini unavutwa kulia zaidi, kwa sababu kwenye chumba kama kile frikwensi za juu zinakufa haraka.

Na pangaboi. Ile rekodi yote ina pangaboi linazunguka, na umeme wetu wa 50 Hz unaacha mstari kwenye 100 Hz unaokwenda mwanzo mpaka mwisho. Ukifuta kuanzia sifuri mpaka juu unalikatisha pangaboi. Sikio lilishalisahau, likikatika nusu sekunde linashtuka. Mimi chini ya 120 Hz sigusi, na kwingine sishushi mpaka kimya, nashusha mpaka ifanane na sakafu ya chumba ya sekunde iliyotangulia. Kikohozi kikiwa kwenye pumziko tupu kazi yote ndo hiyo, unachukua kipande cha pangaboi tupu kutoka jirani unaziba, unaweka fedi fupi pande mbili, umemaliza.

Hiki hakikuwa kwenye pumziko. Mzee anasema "walihamia Pangani", na mlipuko umetua juu ya "ha". Hiyo h yenyewe ni pumzi dhaifu, imemezwa yote, na a inayofuata iko chini ya upepo wa kikohozi. Hakuna softwea inayojua mzee alisemaje hapo, inakisia kwa kuangalia kushoto na kulia. Nilichofanya ni kukigawa kwa mlalo. Juu ya 4,000 Hz irabu a haina kitu cha maana, kwahiyo huko nimekishusha kikohozi bila huruma mpaka sakafuni, na hapo tu kikageuka kutoka kikohozi kikawa kishindo butu. Kati ya 300 na 4,000 nimerudi kwenye dirisha kubwa, nikatafuta harmoniki za mzee zinazochungulia, nikawa nashusha zile nafasi za katikati desibeli 6 mpaka 10, mistari yenyewe nikaiacha. Chini ya 300 mistari ya mzee ilikuwa na nguvu kuliko kikohozi, sijagusa. Kisha mkia.

Kujua kama umezidisha ni hivi. Chukua nakala ya faili la asili na lile ulilosafisha, yaanze sehemu moja kabisa, moja liwekee Invert inayopindua mawimbi yake, cheza yote kwa pamoja. Kinachosikika ni ulichokitoa. Ukisikia kikohozi na simu uko vizuri, ukisikia neno linaeleweka basi umemtoa mzee.

Kuna njia nyingine, kukopa "ha" kutoka sehemu nyingine ya rekodi. Mbele huko mzee anasema "tulihamia", nikaijaribu, lakini ipo mwisho wa sentensi na sauti yake imeshashuka, ikiingizwa katikati inasikika imebandikwa. Ningeweza kuipandisha. Sikuipandisha, na hapa nikiri sina kanuni. Ingekuwa tangazo la redio ningebandika bila kuwaza, ila huu ni ushuhuda wa mtu, na silabi aliyosema mahali pengine kuiweka hapa inanipa mashaka hata kama neno ni lilelile. Wenzangu wengine hawaoni tatizo na hoja zao ni nzito. Kwahiyo pale "walihamia" bado kuna kishindo kidogo, neno linaeleweka, na dada nimemwambia wazi kwamba hakijatoka chote wakati simu imetoka yote. Kashangaa.

Ukitaka nikusaidie, nitumie WAV yenyewe, usitume kama voisi noti maana huko sehemu ya juu inakatwa na picha inachafuka. Niandikie dakika na sekunde ya kila kelele. Na tafadhali usinikatie vile vimya vya mwanzo na mwisho, sekunde tano za chumba kitupu kabla mtu hajaongea ndo ninakochota pangaboi la kuzibia.