Barua ya kupendekeza kipindi ni nini? Mfano wa wachuuzi wa Kibuye

Barua ya kupendekeza kipindi ni barua ya ukurasa mmoja ambayo mtengenezaji filamu humwandikia meneja wa vipindi wa kituo cha televisheni, akimweleza kipindi ambacho hakijatengenezwa bado. Si barua ya kuomba kazi, wala si ya kuomba msaada. Meneja akimaliza kuisoma anapaswa kujua mambo mawili: mtazamaji ataona nini, na kituo kinaombwa kitoe nini.

Hilo la kwanza huwashinda wengi kwa sababu huandika mada badala ya hadithi. "Nataka kutengeneza mfululizo wa filamu fupi kuhusu changamoto za wafanyabiashara wadogo wa Kisumu" ni mada. Humo hamna mtu, hamna siku, na hamna sababu ya mtazamaji kurudi wiki ijayo. Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo, na jibu nililopata lilikuwa neno moja: "Nani?"

Basi tumchukue mama anayeuza omena katika soko la Kibuye mjini Kisumu. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya wa Ziwa Victoria ili samaki wazaane. Kwa hiyo mwezi Machi mama huyu ana uamuzi mgumu. Akinunua magunia ya kuweka, bei ikipanda atauza kwa faida. Lakini omena ikishika unyevu huvunda, na ikivunda hainunuliwi tena kwa mboga. Inaenda kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa bei ya chini. Hapo hadithi ipo, na katika barua inaingia kwenye sentensi moja:

"Wiki chache kabla ziwa kufungwa, mchuuzi wa omena wa Kibuye anakopa kwenye chama ili anunue magunia ya kuweka, tutakuwa naye hadi Agosti, tuone kama akiba hiyo itamlipa au itaishia kuwa chakula cha kuku."

Kipindi cha mfululizo kinahitaji uti mmoja unaopita katika hadithi zote. Hapa ni pesa iliyokwisha kutolewa huku matokeo yakiwa hayajulikani. Muuza mitumba anayefungua belo Jumapili, siku kubwa ya Kibuye, bila kujua ndani mna nini, anaingia sawasawa. Fundi cherehani aliyeshona sare za shule kabla ya Januari naye anaingia. Muuza maji mwenye maisha magumu lakini asiye na uamuzi wowote mbele yake haingii, hata kama tunampenda.

Urefu nao utajwe kwa kipimo cha kituo. Nusu saa ya hewani huwa na takriban dakika 22 hadi 24 za kipindi chenyewe, zilizobaki ni za matangazo. Anayeandika "vipindi sita vya dakika 30" anamwonyesha meneja kwamba hajawahi kukabidhi kipindi.

Jambo la pili, la pesa, ndilo watu hulionea haya. Kuna njia tatu kuu. Kituo kinaweza kuagiza kipindi na kukigharamia, na mara nyingi kinabaki kuwa mali yake. Kinaweza kununua haki ya kukirusha kwa muda fulani, wewe ukibaki mwenye kazi. Au wewe unakilipa kituo muda wa hewani, kisha unatafuta mdhamini wako. Kwa niliyoyaona, vituo vidogo huelekea njia hii ya tatu. Barua isiyotaja njia yoyote hujibiwa kwa orodha ya bei za matangazo, na mtu anadhani amekataliwa ilhali hakueleza alichotaka.

Kabla ya kutuma, rudi kwa yule mama. Kukubali kupigwa picha si kukubali deni lake litangazwe. Wanachama wenzake watatazama, na wanunuzi wake pia. Muulize hasa kuhusu kiasi cha mkopo, na akikataa, hadithi isimame bila tarakimu hiyo. Leseni ya kupiga filamu inatosha kutajwa kwa mstari mmoja.

Mwisho wa barua weka kipande cha dakika mbili ulichokwisha kupiga sokoni, pamoja na tarehe. Kwa hadithi hii barua ifike Januari, maana meneja huhitaji majuma kadhaa kujibu na ununuzi wa magunia unafanyika Machi. Ikitumwa Mei, magunia yameshanunuliwa na ziwa limefungwa, na kilichobaki ni kumwomba mama asimulie yaliyopita akiwa ameketi kitini.