Chembe nyekundu mwilini mwa Athmani: dhana potofu na ukweli

Punda wa babu amekata kamba pale forodhani Lamu, na Athmani yuko nyuma yake, mbio, kuelekea Shela. Tumwache akimbie. Sisi tuifuate chembe moja nyekundu ya damu iliyomo kwenye msuli wa mguu wake.

Imo ndani ya kapilari, mshipa mwembamba kiasi kwamba chembe yetu inabidi ijikunje ili ipite. Hapo inaachia oksijeni, na msuli unaichukua.

Wengi husema sasa chembe imegeuka buluu. Si kweli. Inakuwa nyekundu ya kuiva tu. Buluu ya vitabuni ni rangi ya mchoraji, na mishipa ya kifundo cha mkono huonekana vile kwa sababu ya jinsi mwanga unavyopita kwenye ngozi. Muuguzi akikutoa damu mkononi, huitoa kwenye vena, mshipa unaorudisha damu moyoni. Tazama bomba la sindano: ni nyekundu nzito.

Chembe inapanda kwa vena. Misuli ya miguu inaikamua damu kwenda juu, na vali ndogo zinaizuia isirudi chini. Inaingia moyoni upande wa kulia, chumba cha juu, kisha cha chini. (Kulia kwa Athmani, si kwako. Kwenye mchoro ni kama amekukabili, kwa hiyo kulia kwake kunaangukia kushoto kwa karatasi.)

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Mwanafunzi huandika kwamba moyo unairudisha chembe mguuni moja kwa moja. Ingerudi mguuni bila kubeba oksijeni mpya! Moyo unaisukuma kwanza mapafuni, kupitia ateri ya mapafu.

“Lakini ateri si hubeba damu yenye oksijeni nyingi?” Nyingi hubeba, ila hii haibebi. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, vena ni unaoirudisha. Oksijeni haimo katika maana hiyo. Ndiyo maana vena za mapafu, kinyume na vena nyingine, huleta damu iliyojaa oksijeni.

Mapafuni chembe inapakia oksijeni kwa muda usiofika hata sekunde moja, halafu inarudi moyoni, safari hii upande wa kushoto. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko wa kulia, maana huu unasukuma damu hadi vidoleni, wakati ule wa kulia unaifikisha mapafuni tu, hapo jirani. Chembe inatoka kwa aota, ateri kuu ya mwili, inashuka kwa ateri, inafika tena mguuni.

Mtihani ukiuliza chembe imepita moyoni mara ngapi katika mzunguko huo mmoja, jibu ni mbili: kulia mara moja, kushoto mara moja. Athmani akiwa amekaa, mzunguko wote huchukua kama dakika moja. Kwa mbio hizi za punda, ni chini ya hapo.