Barua kwa mwandishi: tuvirudishe vitenzi

Ndugu mwandishi,

Nimemaliza kusoma mswada wako kuhusu mradi wa maji, na hoja yako nimeikubali. Kwa sababu hiyo nakuandikia kwa kirefu juu ya jambo moja, nisikurudishie kurasa zilizojaa alama bila maelezo. Vitenzi vyako vingi umevigeuza nomino, na vilivyobaki umeviweka katika kauli ya kutendwa. Msomaji analazimika kurudi mwanzo wa sentensi ili aelewe nani alifanya nini, na wasomaji wengi hawarudi.

Tuchukue sentensi mbili za sura ya tatu, kama ulivyoziandika:

"Ucheleweshaji wa utoaji wa uamuzi wa ukarabati wa bomba ulisababisha kutokea kwa upungufu wa upatikanaji wa maji. Ilibainika kuwa hatua stahiki hazikuchukuliwa na kamati na mafundi hawakupewa taarifa."

Sentensi ya kwanza ina nomino tisa, ukihesabu na "kutokea", na kitenzi kimoja tu chenye kiambishi cha wakati: "ulisababisha". Hata hicho hakisemi tendo lolote; kinaunganisha tu rundo la kushoto na rundo la kulia. Sarufi yake haina kosa. Shida ni kwamba msaada ambao Kiswahili humpa msomaji umeondolewa wote kwa pamoja.

Kwa kawaida msaada huo hutoka kwenye upatanisho wa ngeli. Nikisoma "bomba la maji lililopasuka", kiambishi "li" kinaniambia kwamba kilichopasuka ni bomba, wala sihitaji kufikiri. Sasa tazama nomino zako: ucheleweshaji, utoaji, uamuzi, ukarabati. Zote huchukua "wa", na zote huchukua "u" kwenye kitenzi. Nikifika kwenye "ulisababisha", nomino nne zinaweza kuwa ndizo zilizosababisha, na upatanisho haunisaidii kuchagua. Naishia kushika nomino zote kichwani nikisubiri maana inielekeze. Hali huwa mbaya zaidi ukiongeza "ambao", kama ulivyofanya mbele kidogo: "mchakato wa uboreshaji wa utoaji wa huduma ambao ulisimamishwa". Kilichosimamishwa ni mchakato, uboreshaji au utoaji? Nimeisoma tena na tena, na bado siwezi kusema kwa hakika.

Jambo la pili ni kile kinachopotea kitenzi kinapogeuzwa nomino. Chukua neno "haikuwapa" katika "kamati haikuwapa mafundi taarifa". Ndani ya neno hilo moja mna ukanushi, mna kamati, mna wakati uliopita, mna mafundi, na mna tendo lenyewe. Ukiandika "utoaji wa taarifa", kinachobaki ni tendo peke yake. Vivyo hivyo, "ucheleweshaji" hausemi kama kamati ilichelewa mara moja, kama ilikuwa ikichelewa mwaka mzima, au kama huchelewa siku zote. Kwa kitabu kinachotaka kuonyesha chanzo cha tatizo, tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe, na umeiacha nje bila kukusudia.

Sentensi ya pili ina mtego mwingine. Katika kauli ya kutendwa, mtendaji hutajwa kwa "na". Lakini "na" ndiyo pia tunayoitumia kuunganisha maneno na sentensi. Kwa hiyo msomaji akikutana na "hazikuchukuliwa na kamati na mafundi", anaelewa kwamba kamati na mafundi, wote wawili, hawakuchukua hatua. Hatua moja mbele anakuta "hawakupewa taarifa", na kumbe mafundi si wakosaji, ni waliokoseshwa. Inabidi abomoe alichokwisha kukielewa na kukijenga upya. Mkato baada ya "kamati" ungepunguza mkanganyiko, lakini dawa yenyewe ni kumrudisha mtendaji mwanzoni.

Hivi ndivyo nilivyojaribu kuziandika:

"Kamati ilichelewa kuamua kwamba bomba likarabatiwe, na wakazi wakapungukiwa maji. Haikuchukua hatua stahiki, wala haikuwapa mafundi taarifa."

Urefu umepungua, ila si urefu niliokuwa nikiutafuta. Nilijiuliza "nani?" kwenye kila tendo, jibu nikaliweka mwanzo wa sentensi. Na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu baadhi ya majibu hayamo kwenye mswada. Sentensi yako ya kwanza haisemi nani alichelewa. Kamati nimeiazima kutoka sentensi ya pili. Kama aliyechelewesha ni mwenyekiti peke yake, au mfadhili ambaye hakuleta fedha, nimeandika uongo kwa Kiswahili chepesi. Vilevile sijui nani alipaswa kuwapa mafundi taarifa. "Ilibainika" nimeifuta kwa kuwa sijui ni nani aliyebaini. Kama ni mkaguzi, mtaje, maana neno la mkaguzi lina uzito tofauti na la jirani. Maswali haya mhariri hawezi kuyajibu kwa niaba yako.

Jihadhari zaidi na kauli ya kutendeka. Umeandika mara nyingi "ufuatiliaji haukufanyika". Ukisema "haukufanywa", walau nafasi ya "na kamati" ipo, na msomaji anahisi kwamba kuna mtu hakutajwa. "Haukufanyika" haina nafasi hiyo kabisa. Ni kama ufuatiliaji ulikuwa ujitokeze wenyewe, ukaghairi. Ripoti za ofisini zimetuzoesha namna hii ya kusema hadi hatuioni tena. Humo watu hawafuatilii, wanafanya ufuatiliaji; hawaamui, wanatoa maamuzi. Ukiona "kufanya", "kutoa" au "kutekeleza" pembeni ya nomino ya aina hiyo, kitenzi halisi kimefichwa ndani ya nomino. Kitoe.

Nisingependa usome barua hii ukaenda kufyeka kila "-aji" na kila "-wa". Utaona kwamba mimi mwenyewe nimeacha "likarabatiwe", maana kwenye sentensi ile haijalishi ni fundi gani angelishika bomba. Pia kuna aya yako nzuri sana katika sura ya pili, inayofuata maisha ya bomba: lilitandazwa, likazibwa, likahamishwa, likaachwa. Aya ile usiiguse. Mhusika wake ni bomba, na kauli ya kutendwa ndiyo inayoliweka bomba mbele sentensi baada ya sentensi. Ukiigeuza, utaingiza mkandarasi, fundi na diwani, kila mmoja kwa sentensi moja, na bomba litapotea kati yao.

Nomino nazo zina mahali pake. Ukishaeleza kwamba kamati ilichelewa kuamua, sentensi inayofuata inaweza kuanza na "Ucheleweshaji huo", kwa sababu msomaji sasa anajua nani, lini na nini. Nomino inamkumbusha tu. Tatizo la sura ya tatu ni kwamba nomino imetangulia kabla ya kisa kusimuliwa. Na maneno kama "uchaguzi" au "umwagiliaji" ni majina ya mambo yanayojulikana. Hayo hayamsumbui mtu.

Naomba uanze na ukurasa ule wa bomba peke yake. Pigia mstari kila nomino iliyotokana na kitenzi, kisha tafuta mahali ambapo mbili au zaidi zimefuatana kwa "wa". Hapo ndipo pa kuvunja. Kwenye kila kitenzi cha kutendwa au kutendeka, andika pembeni mtendaji ni nani. Ukimjua na akawa na uzito kwenye hoja, mlete mbele. Usipomjua, weka alama ya kuuliza, nasi tutazungumza juu ya alama hizo kabla sijagusa sura nyingine. Swali langu la kwanza litakuwa lile la "ilibainika".

Wako,
Mhariri