Barua ya Madai Isiyogombana: Deni, Kiasi na Siku ya Mwisho

Mwaka jana mama mmoja mwenye ofisi ndogo ya ushonaji aliniletea barua aliyokuwa amekwisha kuichapa, akitaka niipitie kabla hajaipeleka. Alikuwa ameshona sare za shule moja ya binafsi, na shule haikummalizia pesa yake. Kiasi na tarehe ninazotaja hapa nimezibadilisha ili wahusika wasitambulike, lakini barua ilikuwa hivi hivi.

Ilianza na "Dawa ya deni kulipa," ikaendelea: "Nyinyi ni matapeli mnaojificha nyuma ya elimu. Mmekula jasho langu. Nataka pesa yangu yote shilingi 2,340,000 mara moja, la sivyo mtaozea ndani." Chini kabisa paliandikwa nakala ziende kwa mkuu wa kituo cha polisi, kwa afisa elimu na kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Hasira yake naielewa. Ila ofisi yetu ya msaada wa sheria hukutana na barua za namna hii mara kwa mara, na kinachotokea karibu wakati wote ni kimoja: anayedaiwa hujibu matusi, deni halijibu. Mkuu wa shule akiitwa tapeli ataandika kurasa mbili za kujitetea heshima yake, na ile 2,340,000 haitaguswa. Mbaya zaidi, neno "matapeli" likishafika kwa wazazi mia mbili, shule nayo inapata la kushtakia, yaani kashfa. Mdai anageuka mdaiwa.

Kwa hiyo tuliiweka barua pembeni, nikamwomba vielelezo. Alikuwa navyo: oda ya shule yenye muhuri, hati ya makabidhiano ya tarehe 14 Januari 2025 iliyosainiwa na mtunza stoo, na ujumbe wa miamala miwili kwenye simu. Hapo ndipo barua yenyewe huanzia, kwenye makaratasi.

Tukapiga hesabu. Sare 120 kwa shilingi 22,000 ni 2,640,000. Alipewa malipo ya awali 1,000,000, na tarehe 3 Machi shule ikatuma 300,000. Iliyobaki ni 1,340,000. Hiyo milioni nzima iliyozidi kwenye barua yake ilitoka wapi? Laki tano aliziita "usumbufu", laki tano nyingine "riba". Nilimuuliza kama mkataba ulitaja riba. Haukutaja. Usumbufu aliupimaje? Aliukadiria tu.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 73, humpa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwake, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Kama angekuwa amekopa pesa ya vitambaa na ana karatasi za marejesho, tungekuwa na la kuzungumza. Namba ya kukisia huharibu hata ile ya kweli, maana msomaji akishaona moja haina mguu, anatilia shaka zote.

Kisha nikauliza swali ambalo wadai wengi hawalipendi: je, shule ina lolote la kulalamika? Akanyamaza kidogo, akasema ndiyo, sare sita zilirudishwa kwa sababu zipu zilikatika, naye hakuwahi kuzirekebisha. Sita mara 22,000 ni 132,000. Nikamshauri aziondoe mwenyewe, na aseme wazi kwamba ameziondoa. Hakufurahi. Lakini zipu zile ndizo zilizokuwa kisingizio pekee cha shule kukalia deni lote, na mdai akikiondoa kisingizio kabla hakijasemwa, kinachobaki hakina ubishi. Deni likawa 1,208,000.

Siku ya mwisho ndiyo sehemu inayoandikwa vibaya kuliko zote. "Mara moja" si tarehe. "Ndani ya siku 14" nayo huleta mabishano: tangu ilipoandikwa au ilipopokelewa? Jumapili zinahesabiwa? Andika siku yenyewe. Kwa mwenye duka na mwenye shule, wiki mbili zinatosha mhasibu kupitisha malipo na haziwezi kuitwa uonevu. Lakini hilo lisichanganywe na kuidai Serikali au halmashauri, ambako sheria inataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Fundi aliyeshonea shule ya Serikali asiige barua hii.

Barua mpya ilisomeka hivi:

"YAH: MADAI YA SHILINGI 1,208,000/= MALIPO YA SARE ZA SHULE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 14 Januari 2025 nilikabidhi shuleni kwako sare 120 kwa bei tuliyokubaliana ya shilingi 22,000 kila moja, jumla shilingi 2,640,000. Nimepokea shilingi 1,300,000. Sare 6 zilirudishwa kwa ubovu wa zipu; nimeondoa bei yake, shilingi 132,000. Hivyo ninadai shilingi 1,208,000.

Naomba kiasi hicho kilipwe kabla ya saa 10 jioni, Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, kwa namba ya simu iliyotumika awali. Kama kuna sehemu ya hesabu hii usiyokubaliana nayo, naomba unijulishe kwa maandishi kabla ya siku hiyo, ukieleza ni ipi na kwa nini.

Nisipopata malipo wala majibu hadi siku hiyo, nitafungua madai Mahakama ya Mwanzo bila taarifa nyingine. Nimeambatisha nakala za oda, hati ya makabidhiano na miamala."

Utaona hakuna polisi. Kutolipa deni la mkataba ni jambo la madai, si jinai, na kumtishia mtu kumweka ndani kwa deni humwonyesha mwanasheria wake kwamba aliyeandika hajui aendako. Mahakama imetajwa mara moja tu, kama hatua atakayochukua kweli. Usitaje hatua usiyokusudia kuichukua. Tarehe 31 ikipita nawe hujafanya ulichotaja, barua ya pili haitamtisha mtu.

Mama alitaka pia kuandika juu kabisa "Bila Kuathiri Haki", kwa kuwa aliona mawakili wakifanya hivyo. Nilimzuia. Maneno hayo huwekwa kwenye barua za kutafuta suluhu, na kwa kawaida barua yenye maneno hayo haipokelewi mahakamani kuwa ushahidi. Hii yeye alikuwa anaitaka ionekane mahakamani.

Aliipeleka mwenyewe tarehe 16 Mei, nakala mbili. Moja akaiacha kwa katibu muhtasi, nyingine ikagongwa muhuri wa shule, sahihi na tarehe ya kupokelewa, akarudi nayo. Kwenye kundi la wazazi hakuandika neno.

Siku nane baadaye mhasibu alijibu kwa barua yenye sahihi: shule inakubali deni la 1,208,000 na inaomba kulipa nusu mwishoni mwa Mei na nusu mwishoni mwa Juni. Mama alikuja ofisini amenuna, akiona amecheleweshewa mwezi. Nikamwambia aikubali kwa maandishi na aitunze ile barua kuliko hata hati ya makabidhiano. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, dai la mkataba lina miaka 6, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na sahihi kabla muda huo haujaisha, miaka hiyo 6 huanza kuhesabiwa upya tangu siku aliyotia sahihi. Juu ya hayo, shule isingeweza tena kusimama mbele ya hakimu na kuzungumzia zipu.