Hawajakupandishia bei: dhana potofu kuhusu ofa za kuhosti tovuti

Huyu ni mteja wa nne kuniletea lalamiko hili ndani ya mwezi mmoja. Ana kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Ametoka Moshi asubuhi, akashuka stendi akaja moja kwa moja ofisini kwangu hapa Arusha, simu mkononi. "Kaka, hawa watu wa tovuti wameniibia. Nililipa dola mia na saba, leo wamekata karibu mia nne. Na hiyo ilikuwa hela ya kuingiza wageni hifadhini."

Nikamwomba barua pepe ya siku aliyonunua. Kila kitu kilikuwa mle.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: "wamenipandishia bei." Hawajapandisha. Bei ya kile kifurushi cha kuhosti, yaani kukodi nafasi kwenye seva ya kuwekea tovuti, ilikuwa dola 10.99 kwa mwezi tangu siku ya kwanza. Ile 2.99 iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni punguzo la kipindi cha kwanza tu, na chini yake, kwa maandishi ya kijivu ya kutafutwa kwa tochi, paliandikwa "Renews at $10.99/mo". Yeye alichagua miezi 36, hivyo alilipa 2.99 mara 36, yaani dola 107.64, zote kwa mkupuo. Kipindi kilipokaribia kwisha mkataba ukajihuisha wenyewe kwa urefu uleule: 10.99 mara 36, dola 395.64. Mwizi hayumo kwenye hesabu hiyo, japo siwezi kusema muungwana yumo.

Kwa nini wanafanya hivyo? Kumpata mteja mpya ni ghali kuliko kumhudumia. Seva moja hubeba mamia ya tovuti ndogo, na tovuti ya kurasa kumi na picha za mlima haiitumikishi sana. Hela nyingi huenda kwenye matangazo na kwa watu wanaoandika "kampuni kumi bora za kuhosti" kisha wanalipwa kwa kila mteja aliyebofya kiungo chao. Kampuni kubwa hulipa dola 50 na zaidi kwa kichwa kimoja. Ukitoa hizo kwenye 107, utaona kipindi cha kwanza hakina faida ya maana. Faida inangojwa kwenye kuhuisha, na wanajua wengi hawatahama, kwa sababu kuhama ni kazi: unakili mafaili na hifadhidata, unahamisha barua pepe zote, unabadili seva za majina zinazowaelekeza watu kwenye tovuti yako, halafu unakaa roho juu usije ukapotewa na oda ya mgeni. Bei ya pili imepangwa kwa kuujua uvivu huo.

Hapa kwetu kuna jambo jingine linalowaumiza watu wa utalii. Tovuti wanazitengeneza masika, wageni wakiwa wachache na wao wana nafasi. Kwa hiyo mkataba nao unakwisha masika, wakati akaunti imekauka. Tena kampuni nyingi hazingoji siku ya mwisho. Hukata wiki mbili hadi mwezi mmoja kabla. Mkataba wa mteja wangu unaisha Aprili, hela imekatwa Machi.

Sasa namna ya kuusoma mkataba kabla hujalipa. Usiuamini ukurasa wa matangazo. Nenda mpaka kwenye kikapu, pale penye "Order summary", na ubadilishe muda mwenyewe: mwezi 1, miezi 12, miezi 36. Utaona 2.99 inatoweka. Kwake ilikuwa hivi: ukichukua miezi 12 ofa ni 3.99, ukilipa mwezi kwa mwezi hakuna ofa kabisa. "Kwa mwezi" kwenye tangazo ni namna ya kugawanya bei, wala haina maana kwamba utalipa kila mwezi.

Kisha fungua "Terms of Service" na utafute neno "renewal". Unatafuta mambo matatu: watakata siku ngapi kabla, watahuisha kwa muda gani, na malipo ya kuhuisha yanarudishwa au hayarudishwi. Ile ahadi ya kurudishiwa fedha ndani ya siku 30 mara nyingi ni ya ununuzi wa kwanza tu. Angalia pia kama wameandika "then-current price". Maana yake ni kwamba hata ile 10.99 hawajakuahidi, watakutoza bei itakayokuwepo siku hiyo.

Halafu fanya hesabu ya vipindi viwili, usifanye ya kimoja. Miaka mitatu iliyopita kampuni ya hapahapa nchini ilimpa huyu bwana bei ya dola 5 kwa mwezi, isiyobadilika, akaikataa kuwa ni ghali. Kwa miaka sita ingekuwa dola 360. Alikokimbilia ni 107.64 na 395.64, jumla 503.28, yaani 6.99 kwa mwezi. Nasema haki lakini: angeondoka siku kipindi cha kwanza kinaisha, angekuwa ametumia 107.64 badala ya 180. Ofa inamfaa mtu anayejua tarehe yake ya kuondoka.

Dhana nyingine sitazikalia sana.

"Nichukue mwaka mmoja kwanza, ndiyo salama." Salama kwa mfuko wa leo, ndiyo. Lakini kwa bei zilezile, mwaka wa kwanza ni 47.88, na miaka miwili inayofuata ni 131.88 kila mmoja. Miaka mitatu inafika 311.64, karibu mara tatu ya aliyelipa miezi 36. Kama hujui biashara itadumu, lipa mwaka. Kama unajua, muda mrefu ndio unaorefusha ofa.

"Domeni nimepewa bure." Hilo jina la tovuti ni bure mwaka wa kwanza tu. Ukivunja mkataba ndani ya zile siku 30, kwa kawaida wanakata gharama ya domeni kwenye hela wanayokurudishia. Mimi wateja wangu nawakataza: domeni nunua kwingine, kuhosti nunua kwingine. Ukiviweka pamoja, siku ya kugombana nao wamekushika pabaya.

"Kadi haina hela, basi mkataba umekufa." Anayesema hivi ndiye ananitia uchungu zaidi. Kadi ya mtandaoni ikiwa tupu, tovuti inasimamishwa na barua pepe zinakatika, na kama domeni ni ya .com ukaiacha ipite muda wa neema, inaingia siku 30 za ukombozi ambazo kuirudisha kunatozwa ada ya juu. Kuzima kujihuisha kunafanyika ndani ya akaunti, kwenye "Auto-renew", na ukishazima piga picha ya skrini.

Mkataba wa bwana wa Moshi ulisema malipo ya kuhuisha hayarudishwi. Tuliandika kuomba, wakajibu kwa upole kwamba haiwezekani. Basi tukaizima "Auto-renew" palepale, tukaanza kuihamisha domeni kwa msajili mwingine, na kwenye simu yake nikaweka kengele ya Januari, miezi mitatu kabla kipindi hiki hakijaisha. Akaniuliza kama nitakuwepo bado. Nikamwambia alete chai.