Rufaa dhidi ya onyo la mwisho si barua ya kuomba radhi

Mtu anapewa onyo la mwisho la maandishi. Anakaa chini, anaandika kurasa mbili za kuomba asamehewe, anakumbusha miaka aliyoitumikia kampuni na familia inayomtegemea, kisha anawaambia wenzake kwamba amekata rufaa. Hajakata rufaa. Ameomba radhi, na kwa kuomba radhi amekubali kila neno la barua ya onyo, yakiwemo mambo ambayo hayakutokea.

Rufaa dhidi ya onyo la mwisho ni barua anayoiandika mfanyakazi, ndani ya muda uliowekwa, kwa mtu mwingine aliye juu ya yule aliyetoa onyo, akionyesha uamuzi umekosea wapi na akisema anataka ubadilishwe uwe upi. Maana yake ni hiyo tu. Barua isiyoonyesha kosa la uamuzi ni ombi la huruma. Na barua isiyosema inataka nini inamwachia msomaji kazi ambayo huenda asiifanye.

Wengine huichanganya na barua ya kujieleza. Barua ya kujieleza huja kabla ya uamuzi: umeulizwa ilikuwaje, unajibu. Rufaa huja uamuzi ukiwa umeshatoka, na swali limekuwa jingine: aliyeamua alikosea wapi? Ndiyo maana hakuna faida ya kuchukua barua ile ya kujieleza, kubadilisha tarehe na kuipeleka tena. Anayesikiliza rufaa anayo tayari kwenye jalada. Anachohitaji ni kuonyeshwa sentensi ya uamuzi isiyolingana na kumbukumbu zilizopo.

Nasisitiza hili kwa sababu ya uzito wa onyo lenyewe. Huwa ni ngazi ya mwisho kabla ya kufukuzwa, na mara nyingi hudumu miezi 6 au 12. Pendekezo Na. 166 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1982, linataka mfanyakazi asifukuzwe kwa kosa la aina inayomfukuzisha mtu pale tu linaporudiwa, mpaka awe amepewa onyo la maandishi linalofaa. Igeuze kanuni hiyo uione kwa upande wa pili: onyo la maandishi ndilo linalofungua mlango wa kufukuzwa. Likija jambo jingine miezi minne baadaye, barua ya leo itatolewa jaladani na kusomwa kama ukweli uliokwisha kuthibitishwa. Saa iliyoandikwa vibaya leo, ikaachwa bila kupingwa, siku hiyo itakuwa na nguvu kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Tuchukue mfano wa mtunza ghala ambaye zamu yake inaisha saa 10:00 jioni. Barua aliyopewa inasema: "Tarehe 12 uliondoka kazini saa 9:30 alasiri bila ruhusa, ukaliacha ghala bila mtu. Hili ni kosa lako la tatu." Ni sentensi mbili, lakini zina madai manne: saa ya kuondoka, kukosa ruhusa, ghala kuachwa bila mtu, na hesabu ya makosa. Kazi ya kwanza, kabla hata ya kuandika "Yah:", ni kuyatenganisha. Kila dai liandikwe kwenye mstari wake, na pembeni yake iandikwe kama unalikubali au unalipinga, kumbukumbu gani inalihusu, na kumbukumbu hiyo inatunzwa wapi.

Akifanya hivyo, mtunza ghala huyu anaona mambo ambayo hasira ilikuwa imeyaficha. Saa 9:30 imetoka kwenye maelezo ya msimamizi yaliyoandikwa siku mbili baada ya tukio, wakati daftari la getini linaonyesha alitoka saa 9:52. Daftari la funguo lina saini ya mwenzake wa zamu inayofuata, aliyepokea funguo saa 9:45, kwa hiyo ghala lilikuwa na mtu. Kuhusu kosa la tatu, la kwanza lilikuwa onyo la mdomo la kuchelewa, lililotolewa miezi 14 iliyopita, na kanuni za kazini zinasema onyo la mdomo huisha baada ya miezi 6. La pili halina barua yoyote jaladani. Linabaki dai moja: kuondoka bila ruhusa. Hilo ni kweli. Aliondoka dakika nane kabla ya wakati na hakumwambia msimamizi.

Hapa ndipo rufaa nyingi huharibikia. Mwandishi akishaona madai matatu ni dhaifu, anashawishika kukana na la nne. Asifanye hivyo. Anayesikiliza ana daftari lile lile mbele yake, na akiona umekana kitu kilicho wazi, atayasoma mengine yote kwa shaka. Dai la kweli likubaliwe kwa sentensi moja, bila visingizio, kisha barua iendelee:

"Nakubali kwamba niliondoka saa 9:52, dakika nane kabla ya zamu kuisha, na sikuomba ruhusa kwa msimamizi. Sikubaliani na saa 9:30 iliyotajwa katika uamuzi. Daftari la getini la tarehe 12 linaonyesha saa 9:52. Pia sikubaliani kwamba ghala liliachwa bila mtu. Daftari la funguo linaonyesha kwamba zamu inayofuata ilipokea funguo saa 9:45, na aliyesaini yuko tayari kuulizwa."

Tazama kwamba barua haisemi msimamizi amedanganya. Inasema kumbukumbu inaonyesha nini, inaishia hapo. Huenda msimamizi alipita ghalani saa 9:30 akamkosa mtu aliyekuwa nyuma ya rafu, huenda alikumbuka vibaya. Sababu ya kukosea kwake huijui, na huna haja ya kuijua ili uonyeshe kwamba saa si sahihi. Ukimwita mwongo, umejitwisha mzigo wa kuthibitisha nia yake, tena umempa anayesikiliza ugomvi wa kuamua mahali pa tofauti ya dakika 22 ambayo angeimaliza kwa kufungua daftari.

Kosa la upande wa pili ni kudai kwamba uamuzi ufutwe kwa kuwa hauna ushahidi usioacha shaka yoyote. Hicho ni kipimo cha kesi za jinai. Katika nidhamu ya kazini, kinachopimwa kwa kawaida ni lipi lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Kwa hiyo hoja yako ijengwe kwa kulinganisha: maandishi yaliyojazwa wakati ule ule na watu wawili tofauti, getini na kwenye funguo, dhidi ya maelezo ya siku mbili baadaye. Ukilinganisha hivyo, msomaji anaweza kuamua upande wako bila kulazimika kumtuhumu mtu.

Nakala za kurasa hizo ziambatanishwe, lakini angalia unazipataje. Sehemu nyingi za kazi zinakataza kutoa kumbukumbu nje au kuzipiga picha bila idhini, na kufanya hivyo ukiwa chini ya onyo la mwisho ni kujitengenezea kosa jipya. Ziombe kwa maandishi kwa ofisi ya rasilimali watu, utaje daftari na tarehe. Zisipokuja kabla ya muda wa rufaa kwisha, usizisubiri. Wasilisha barua, taja kwamba uliziomba lini, na omba anayesikiliza afungue daftari lenyewe.

Baada ya ukweli inakuja sehemu inayosahaulika kuliko zote, yaani matokeo unayoyapendekeza. "Naomba haki itendeke" si pendekezo. "Naomba onyo lifutwe kabisa" ni pendekezo halali pale ambapo madai yote yameanguka, ila kwa mtunza ghala wetu dai moja limesimama, na akidai kufutiwa kila kitu atakuwa anapingana na barua yake mwenyewe. Pendekezo la haki ni lile linalolingana na kilichobaki:

"Kwa kuwa kilichothibitika ni kuondoka dakika nane mapema bila ruhusa, na kwa kuwa sina onyo lingine lililo hai, naomba onyo la mwisho libadilishwe kuwa onyo la kwanza la maandishi, lidumu miezi 6. Naomba pia maneno 'ukaliacha ghala bila mtu' na 'kosa lako la tatu' yaondolewe kwenye jalada langu. Ikiwa ngazi ya onyo haitabadilishwa, naomba angalau maelezo ya tukio yasahihishwe na muda upunguzwe kutoka miezi 12 hadi 6."

Ombi la akiba mwishoni lina kazi yake. Kiongozi asiyetaka kuuangusha uamuzi mzima wa mwenzake anaweza kukubali kuusahihisha. Na kusahihisha maelezo, hata onyo likibaki, kunaondoa jaladani ile sentensi ambayo ingekuumiza siku nyingine. Nionavyo, hicho ndicho kipengele chenye thamani kuliko vyote katika barua hii.

Miaka ya utumishi na hali ya nyumbani? Ukubwa wa adhabu unaweza kuzingatia utumishi wa muda mrefu usio na doa, kwa hiyo utaje kwa sentensi moja hapa, kwenye pendekezo. Ukiutaja kwenye sehemu ya ukweli unaonekana kama kukwepa. Barua nzima isizidi kurasa mbili bila viambatanisho.

Kuhusu muda, tarehe ya mwisho huwa kwenye barua ya onyo au kwenye kanuni za kazini, na mara nyingi ni siku chache tu, 5 au 10 za kazi. Kwa kawaida huhesabiwa kuanzia siku uliyopokea, ndiyo sababu unapotia saini nakala yao andika tarehe kwa mkono wako, na ukipenda ongeza "nimepokea, sikubaliani na yaliyomo". Saini ya kupokea si saini ya kukiri, ingawa wengi hukataa kusaini kwa hofu hiyo na kuishia kukosa ushahidi wa siku waliyopokea. Na ujue kwamba rufaa kwa kawaida haisimamishi onyo. Mpaka jibu litoke, onyo linahesabika kuwa hai.

Kwa hiyo, kama barua yako uliipeleka kwa msimamizi yule yule aliyekupa onyo, ukamwomba akufikirie upya, hukukosa adabu wala hukuharibu kitu. Ila kwa kanuni nyingi bado hujakata rufaa, na siku zinaendelea kuhesabika. Soma aya ya mwisho ya barua ya onyo, tafuta cheo kilichotajwa pale, na umwandikie huyo, ukitaja uamuzi unaoupinga kwa tarehe yake. Kama muda umekwishapita, omba kuongezewa muda katika aya ya kwanza na sema sababu ya kuchelewa kabla hujasema jambo lingine lolote.